Je, Kahawa Huzuia Ugonjwa wa Parkinson?

Mwanafunzi mpendwa, huenda umesikia kwenye kijiwe cha kahawa pale Ngokolo kwamba mnywaji kahawa hapati Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili. Maoni yangu ni kwamba kauli hiyo imeruka hatua.

Tuanze na ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wanaume 8,004 wenye asili ya Kijapani huko Hawaii kwa takriban miaka 30. Kwa kila watu 10,000 katika mwaka mmoja, wasiokunywa kahawa waliougua walikuwa kama 10, na waliokunywa nyingi zaidi walikuwa kama 2. Huo ni uhusiano, tena mkubwa. Hata hivyo, uhusiano peke yake hautuambii chanzo.

Kwanza, ugonjwa huu huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya mikono kutetemeka. Mtu hupoteza uwezo wa kunusa, na anaweza kuacha kahawa kwa kuwa haimpi tena raha. Hapo ugonjwa ndio uliopunguza kahawa. Kufuatilia watu kwa miaka 30 hupunguza shaka hiyo, lakini hakuimalizi.

Pili, huenda kuna jambo la tatu lililojificha. Tuseme unawalinganisha wanywa kahawa wa Ngokolo na wachenjuaji wadogo wa dhahabu wa Geita. Mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu nao hutetemesha mikono. Ukikuta mitetemeko mingi zaidi Geita, utaisifu kahawa, ilhali tofauti imeletwa na zebaki.

Njia ya kukata shauri ni jaribio: watu wagawanywe kwa bahati nasibu, kundi moja lipewe kafeini, jingine lipewe kidonge kisicho na dawa. Jaribio la namna hiyo, lililochapishwa mwaka 2017, lilihusu wagonjwa 121 wa Parkinson. Kafeini haikuboresha mwendo wao. Lakini soma kwa makini: lilipima tiba kwa waliokwisha kuugua, halikupima kinga kwa wazima. Kwa hiyo halithibitishi kwamba kahawa huzuia, wala halithibitishi kwamba haizuii.

Tahadhari hiyo inafaa pia kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Utafiti wa Ufini wa mwaka 2009 uliona ugonjwa huo kwa uchache miongoni mwa waliokunywa vikombe 3 hadi 5 kwa siku wakiwa na umri wa makamo. Huo nao ni uhusiano.

Basi katika mtihani andika “kahawa inahusiana na uwezekano mdogo wa kuugua”; usiandike “kahawa huzuia”. Na nyumbani, babu akianza kutetemeka, apelekwe hospitali, aseme pia kama aliwahi kuchoma zebaki. Kumwongezea kikombe kutamchelewesha tu.