Raporti ya mtaalamu wa kampuni: alipima ao alidhani?

Bandugu, mtaalamu wa kampuni anasema mayi ya mto wetu ni safi, na mihindi ilikauka juu ya jua kali. Tumesoma raporti yake yote, na kwa kila sentensi tuliuliza: hii alipima, ao anadhani tu?

Mayi alichukua chupa moja, siku tisa kisha asidi kumwangika. Asidi inapita na mto, kisha siku tisa utakuta nini? Shaba na kobalti njo vinabakia ndani ya matope, na matope hakugusa. Jua nalo: upande wa juu, kabla ya mfereji wa kiwanda, mihindi ingali mibichi. Jua linachagua mashamba?

Lakini tusiandike hivyo, atacheka na kupita. Swali moja, jambo moja, na namba ya ukurasa: "Ukurasa wa 14: chupa ilichukuliwa wapi, siku gani, saa ngapi?" "Matope yalipimwa, ndiyo ao hapana?" "Mvua ya mwezi ule ilipimwa na kituo gani?" Ukimuuliza "juu ya nini unadanganya", atakupa hotuba. Maswali iko kwa avoka, atayaweka tribinali mbele ya kikao.