Jogoo asipowika, pima sukari

Dereva teksi mmoja wa Kariakoo, mwenye miaka 52, alimkwepa mkewe karibu mwaka mzima kwa kisingizio cha uchovu wa zamu ya usiku. Wenzake kijiweni wakampa vumbi la Kongo. Halikumsaidia kitu, likamwachia kichwa kinachogonga.

Alipojikaza kwenda kliniki, alisema anaumwa mgongo. Daktari, mtu mzima aliyewazoea wanaume wa aina hii, akamuuliza taratibu: "Na alfajiri, kaka, jogoo anawika?" Hapo ndipo alipoeleza yote.

Swali hilo si utani. Anayesimamisha alfajiri lakini akashindwa kitandani huenda anasumbuliwa na mawazo. Asiyesimamisha kabisa, mishipa ya damu ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Dereva alipimwa presha, kisha sukari kabla ya kula. Sukari ilisoma 11.2, na kuanzia 7 huhesabiwa kisukari. Kipimo kiliporudiwa siku nyingine, jibu halikubadilika.

Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huanza kulalamika mapema. Anayemeza vidonge vya nguvu za kiume vya dukani kimyakimya huificha dalili inayoweza kuutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Akivichanganya na dawa za nitreti za maumivu ya kifua, presha inaweza kushuka ghafla hata akafa.

Tunawaomba wahudumu wa kliniki za presha na kisukari wawaulize wanaume swali la jogoo wao wenyewe, faraghani, bila kungoja mgonjwa aanze.