Hesabu uwezo kwanza, ndipo uchague kazi

Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie. Nimekaa katika vikao vya kupanga sprinti vya kutosha, na kuna desturi moja ambayo lazima tuiseme kwa jina lake. Ni desturi ya kuchagua kazi kwanza, kisha kutafuta watu wa kuzifanya.

Kwa wasiojua, sprinti ni kipindi kifupi cha kazi, mara nyingi wiki mbili, na mwisho wake timu inatakiwa kuonyesha kitu kinachofanya kazi kweli. Mwenye bidhaa anaweka foleni ya kazi, ya muhimu zaidi ikiwa juu. Siku ya kwanza timu inakaa na kuamua itachukua ngapi kutoka juu ya foleni hiyo. Uamuzi huo ndio wote! Na ndio tunaouharibu, kwa sababu bosi anaingia akiwa ameshahesabu: watu watano, siku kumi, saa nane, jumla saa 400. Kazi zikijaa saa 400, kikao kimekwisha. Ukiuliza swali unaambiwa "tutasukuma tu."

Tutasukuma nini? Kabla ya sheria za Michuki kuanza kutekelezwa Februari 2004, makanga naye alikuwa anasukuma. Sheria zikasema Nissan ina viti 14, basi hesabu viti kabla hujaita abiria. Sisi waandika programu bado tunaita abiria kwanza.

Tuchukue mfano wa timu ya watu watano hapa Eldoret, inayotengeneza programu ya chama cha wakulima wa maziwa. Namba ni za mfano tu, lakini ukiwa umefanya kazi hii utazitambua. Sprinti ni ya siku kumi za kazi mwezi wa Oktoba, na ndani yake kuna Siku ya Mashujaa, tarehe 20, iliyoangukia siku ya kazi. Kwa hiyo siku 50 za bosi zinapungua tano papo hapo. Mtu mmoja amechukua likizo ya siku tatu kwenda kuvuna mahindi kwao, na mkumbuke ni mvunaji huyu peke yake anayejua upande wa simu za Android. Mwingine ana zamu ya kujibu simu za wateja, na zamu inamla nusu ya kila siku, yaani siku nne na nusu. Vikao vya sprinti yenyewe (kupanga, kuonyesha kazi, kujitathmini, na kile kifupi cha kila asubuhi) vinakula kama siku moja kwa kila mtu, tano tena. Zimebaki siku 32 na nusu.

Na siku si saa nane. Toa barua pepe, kusoma msimbo wa mwenzako, stima kupotea na kompyuta kuwashwa upya, mtu kukuita "dakika moja tu"... ukibaki na saa tano za kazi yenyewe umebahatika. Huu si uvivu wa vijana wa siku hizi. Fred Brooks, katika kitabu chake cha 1975, anaeleza habari za Charles Portman wa kampuni ya ICL kule Manchester. Timu zake zilichelewa kila mara, kazi ikichukua karibu mara mbili ya muda uliokadiriwa. Walipoandika kila siku saa zinakwenda wapi, ikaonekana makadirio yalikuwa sawa. Kilichokosewa ni kudhani wiki nzima ni ya kuandika programu, wakati ni nusu tu iliyotumika hivyo. Miaka hamsini baadaye bosi wetu bado anazidisha kwa nane!

Sasa kuna njia ya pili ya kupima uwezo, na ninaiamini zaidi. Kent Beck na Martin Fowler waliiandika mwaka 2000 wakaiita hali ya hewa ya jana: chukulia kwamba sprinti hii mtamaliza kiasi kilekile mlichomaliza iliyopita. Kumaliza ni kumaliza. Kazi iliyofika asilimia tisini inahesabiwa sifuri, maana mkulima hawezi kulipwa kwa asilimia tisini ya programu. Timu yetu ya mfano ilimaliza pointi 24, 19 na 23 katika sprinti tatu, jumla 66, kwa siku halisi 117 zilizohesabiwa kwa njia ileile ya hapo juu. Basi:

```
siku   = 50 - 5 - 3 - 4.5 - 5     # 32.5
saa    = siku * 5                 # 162.5
pointi = 66 / 117.0 * siku        # 18.3
```

Angalia vizuri. Wastani wa sprinti tatu ni pointi 22, na timu nyingi zingechukua 22 bila kufikiri. Lakini sprinti hii ina likizo na sikukuu, kwa hiyo uwezo ni 18. Hizo pointi nne za tofauti ndizo zitakazowakesha Alhamisi ya mwisho.

Tushuke kwenye foleni. Ya kwanza ni malipo ya wakulima kwa M-Pesa, pointi 8. Ya pili ni kurekebisha ripoti ya mwezi inayojumlisha vibaya, pointi 3. Tumefika 11. Ya tatu ni kupima maziwa kwa simu mahali pasipo na mtandao, pointi 8. Jumla 19. Hapa ndipo mtu husema "aa, moja tu, itaingia." Ngojeni kwanza, hatujauliza ni nani atakayeifanya.

Pointi zinaipima timu nzima kama gunia moja, lakini watu si mahindi. Ivunje kazi ya tatu vipande uone saa: karibu saa 67, na kati ya hizo saa 34 ni za upande wa simu. Mwenye ujuzi wa simu, yule mvunaji wetu, ana siku ngapi? Kumi, toa sikukuu, toa tatu za likizo, toa moja ya vikao: tano, yaani saa 25. Haiingii. Hata kama gunia la timu lingekuwa na nafasi ya pointi 30, bado haingeingia. Kwa hiyo hesabu mbili zinahitajika, pointi za kuchagulia na saa za kukagulia, na kwa kila ujuzi adimu hesabu yake peke yake.

Dawa yake ni kuipasua kazi mahali ambapo kila kipande kinamfaa mtu. Kipande cha kwanza: karani apime bila mtandao, simu ihifadhi, na akifika penye mtandao abonyeze kitufe kutuma. Pointi 5, saa 42, na za simu ni 22. Inaingia kwenye saa 25! Kipande cha pili: simu itume yenyewe mtandao ukirudi, bila kurudia kipimo mara mbili. Pointi 3, saa 12 za simu, kinasubiri kwenye foleni. Ila msipasue kwa kusema "sprinti hii hifadhidata, ijayo skrini." Nusu hiyo haimsaidii mtu yeyote, na mwisho wa wiki mbili hamna cha kuonyesha.

Sasa tuna 8, 3 na 5, jumla pointi 16. Malipo yamekadiriwa saa 70, ripoti 28, vipimo 42: saa 140 kati ya 162. Chini zaidi kwenye foleni kuna kubadilisha nembo, pointi 2, ambayo ingetufikisha 18 barabara. Mimi nasema iacheni hapo. Nembo imechaguliwa kwa sababu inaenea, si kwa sababu ina maana kuliko ujumbe mfupi wa mkulima ulio juu yake wenye pointi 3. Kuruka foleni ili kujaza pengo ni kumpangia mwenye bidhaa vipaumbele kwa mlango wa nyuma. Akitaka kuiruka aseme mwenyewe. Na zile saa 22 zilizobaki zina kazi. Siku API ya malipo itakaporudisha kosa ambalo halimo kwenye maelezo yake, mtazitafuta. Zisipoliwa, siku ya nane mnachukua ujumbe mfupi kutoka juu ya foleni.

Najua majibu ya wakubwa. La kwanza: "Mkipewa kidogo mtalala." Sawa, ukiona sprinti tatu mfululizo timu imemaliza mapema na kuvuta kazi zaidi, kasi yenyewe itapanda, na sprinti ya nne itapakiwa zaidi kwa hesabu ileile. Kipimo hiki kinajirekebisha pande zote mbili. Lakini ukianza kuwapongeza kwa pointi, watakupa pointi: kazi ya 3 itaitwa 5, na grafu itapanda bila programu kusonga. Utajua kwa kuona kasi inakua huku kazi zinazofanana na za mwaka jana zikipewa namba kubwa zaidi.

La pili: "Mliahidi." Hapana. Mwongozo wa Skramu wenyewe uliondoa neno hilo la kuahidi mwaka 2011 ukaweka utabiri, na unasema wanaochagua kiasi cha kazi ni watengenezaji. Mwenye bidhaa anapanga kipi kitangulie, wabebaji wanasema vinaingia vingapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

La tatu lina uzito, nalikubali: timu mpya haina hali ya hewa ya jana. Ni kweli. Itumie saa peke yake kwa sprinti mbili tatu za kwanza, ipakie kidogo, iandike ilichomaliza. Vilevile timu ikipoteza mtu au kupata wawili wapya, kumbukumbu za zamani zinapungua thamani, na kuzidisha kwa idadi ya vichwa hakutasaidia, maana mgeni anakula muda wa wenyeji kabla ya kuongeza wake.

Na msidhani haya ni mambo ya karatasi. Mji huu umeona programu zinazogusa watu: mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulianza Mosoriot mwaka 2001, na AMPATH ikaanza kutumia OpenMRS mwaka 2006. Kwenye mfano wetu, sprinti ikipakiwa saa 400, zote sita za foleni zitaanzwa na huenda zote zikafika asilimia themanini. Malipo ya M-Pesa nayo yatakuwa humo, yamekwama kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi karani atalipa kwa daftari, ripoti itajumlisha vibaya kama kawaida, na mama aliyepeleka lita zake kila asubuhi atasubiri hela ya karo. Yeye hajui sprinti ni nini.

Kwa hiyo kikao kijacho, kabla mtu hajafungua Jira, chukueni kalamu. Andikeni majina, sikukuu, likizo na zamu, mtoe, mzidishe, na namba iandikwe ubaoni juu ya kila kitu. Bosi akiuliza mbona ni ndogo, mwonyesheni mstari baada ya mstari aseme ni upi wa uongo.