Umbali wa kubadilisha meshi usikadiriwe kwa macho

Nilizama kwenye mchezo wangu wa matatu, ule unaochezwa katika mji wa Machakos, na leo nina dukuduku.

Vibanda, magari na watu wakijaa kwenye skrini pamoja, simu ya kawaida inalemewa. Ndiyo maana kila kitu kinahitaji meshi kadhaa: kamili kwa karibu, nyepesi kwa mbali. Kuzitengeneza si kazi kubwa tena. `meshopt_simplify`, kutoka maktaba ya meshoptimizer, inapunguza pembetatu yenyewe. Shida ni tunapochagua umbali wa kubadilisha. Wengi wetu tunaandika mita 30, 60, 120, basi. Hata mimi nilifanya hivyo, hadi mchezaji alipopanda ghorofa karibu na steji, akavuta picha, na matatu zote zikaonekana kama zimechongwa kwa panga.

Ninavyoona mimi, mita hazifai kuandikwa kwa mkono kabisa. Kazi hiyo hiyo inakurudishia kosa, yaani makadirio ya kiasi ambacho uso umesogea. Lizidishe kwa `meshopt_simplifyScale` upate mita, kisha:

```
d = e * H / (2 * p * tan(fov/2))
```

e ni kosa, H ni urefu wa skrini kwa pikseli, p ni pikseli unazoruhusu, na fov ni pembe ya wima ya kamera. Matatu yangu ya pili ina kosa la mita 0.05. Kwa pikseli 1080, pembe ya digrii 60 na p ya 1, inaingia kwenye mita 47 hivi. Kwenye simu ya pikseli 720 ni mita 31. Mchezaji akivuta picha hadi digrii 20 kwenye 1080, ni mita 153! Namba moja ya kudumu ingetoshaje?

Lakini msiiamini fomula kipofu. Vibanda vya mboga vilinitoa jasho: paa la mabati juu ya nguzo nne nyembamba. Nguzo ya sentimita 5 ikibanwa hadi kutoweka, kosa linabaki dogo, kwa sababu uso umesogea kidogo tu. Kumbe jicho linaona paa linaelea hewani. Kosa linapima kusogea, halipimi kilichopotea. Kwa vibanda nimeshusha p hadi 0.3, na umbali ukaongezeka zaidi ya mara tatu. Pembetatu zimeongezeka, ndiyo, lakini kibanda chenyewe ni chepesi.

Jambo dogo la mwisho: msirudi kwenye meshi nzito pale pale mlipoiacha. Mimi naiacha kwenye mita 47 na kuirudia kwenye 42. Bila pengo hilo, matatu iliyokwama kwenye foleni mpakani itapepesa kila kamera ikitikisika.