Sifa, Kosa, Sifa: Maoni ya Mtathmini Baada ya Kipindi

Katika msimu wa mazoezi ya kufundisha, desturi moja imeota mizizi miongoni mwa wahadhiri wanaozuru shule kuwatathmini walimu wanagenzi. Kipindi kinapokwisha, mtathmini na mwanagenzi huketi chini ya mti au kwenye pembe ya chumba cha walimu. Mtathmini huanza kwa sifa, kisha hutaja kasoro tatu au nne, kisha hufunga kwa sifa nyingine. Haya huitwa maoni yenye mizani. Ukweli ni kwamba mpangilio huo hupima idadi ya maneno matamu na machungu tu. Mwanagenzi mwerevu huujua baada ya ziara ya kwanza: asikiapo sifa ya mwanzo hukaza moyo akisubiri "lakini", na sifa ya mwisho huichukua kuwa adabu ya kuagana.

Mizani ya kweli huanzia darasani, kalamu ya mtathmini ikiwa mkononi. Jedwali la vigezo, au rubriki, lina kazi mbili ambazo aghalabu huchanganywa: kumwelekeza mtathmini atazame nini, na kumpa kipimo cha kutolea alama. Anayetoa alama huku somo likiendelea huiacha kazi ya kwanza. Mwanagenzi mwenye sauti ya kupendeza na Kiswahili sanifu akipata alama ya juu katika utangulizi, alama hiyo huvuta nyingine zote nyuma yake, hata katika vigezo ambavyo mtathmini hakuvitazama kamwe. Dawa yake ni nyepesi ingawa inachosha. Dakika arubaini zote ziwe za kuandika kilichotendeka: saa, maneno yaliyosemwa, nani alijibu. Alama zingoje hadi kengele ilie.

Chukulia kipindi cha sarufi katika Gredi ya Nane, mada ikiwa ngeli ya U-ZI. Mwanagenzi ana wanafunzi hamsini na wawili. Daftari la mtathmini linaonyesha kwamba aliuliza maswali 23. Kati ya hayo, 19 yalijibiwa na darasa zima kwa pamoja, mengi yakiwa ya kumalizia neno: "Ukuta umeanguka, kuta zime...?" nalo darasa likaitikia "angukaaa!" Maswali manne tu ndiyo yaliyoelekezwa kwa mwanafunzi mmoja mmoja, na watatu kati ya wanne hao waliketi safu ya mbele. Katika dakika ya kumi na nane, mwanafunzi alitoa neno "ugonjwa" kuwa mfano wa U-ZI. Mwanagenzi hakumkemea wala hakumsahihisha. Alimwomba atunge sentensi katika wingi. Mwanafunzi akasema, "Magonjwa yameenea," akasita, kisha akasema mwenyewe kwamba hapa hakuna "zi". Wakati wa zoezi, mtathmini alipita nyuma ya darasa akatazama madaftari sita. Katika manne aliona "nyukuta" au "nyufunguo".

Hapo ndipo rubriki inapopata maana. Kigezo cha kujenga juu ya majibu ya wanafunzi kina ushahidi wa dakika ya kumi na nane, na ushahidi huo ni wa kiwango cha juu kabisa. Kigezo cha uulizaji maswali kina hesabu ya 19 kwa 4, nacho ni kiwango cha pili kutoka chini. Madaftari yale manne ndiyo yanayoeleza kwa nini hesabu hiyo ina uzito. Wanafunzi walikuwa wameona "nyufa", "nyuzi" na "nyuso" ubaoni, wakadhani kila nomino ya ngeli hii huchukua "nyu", ilhali kiambishi hicho katika mifano ile kimekuja kwa sababu mashina yenyewe ni ya silabi moja. Sauti ya pamoja ililificha kosa hilo kwa nusu saa. Aliyejua aliitikia, na asiyejua akaifuata sauti ya jirani.

Basi mazungumzo yaweje? Mwanagenzi atangulie kusema, lakini asiulizwe "Umeonaje somo?", swali ambalo hujibiwa kwa kujilaumu au kujisifu. Aulizwe jambo mahususi: "Mwalimu, ulijuaje kwamba wameelewa kabla ya kuwapa zoezi?" Yamkini atajibu, "Daktari, walikuwa wakiitikia vizuri." Hapo mtathmini aweke daftari lake mezani, amwonyeshe hesabu pamoja na maneno yaliyoonekana katika madaftari, anyamaze. Wengi hulitambua tatizo bila kuambiwa. Kisha lije tukio la "ugonjwa", wala lisije kama kipozamachungu. Lije kwa sababu ndilo tiba: alichomtendea mwanafunzi yule mmoja ndicho kilichokosekana kwa wale wengine. Angemtaka mmoja wa safu ya nyuma aseme wingi wa "ukuta" akiwa peke yake, "nyukuta" ingejitokeza mapema, naye tayari anajua la kufanya kosa linapojitokeza.

Kwa njia hii nguvu na udhaifu wa somo huwa hoja moja, na mwanagenzi huondoka na jambo moja la kutenda: katika kipindi kijacho, angalau maswali kumi yaelekezwe kwa mtu mmoja, kwa jina, baada ya kungoja. Kungoja nako si jambo la kupuuzwa. Utafiti wa Mary Budd Rowe wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba walimu hungoja takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakingoja sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka. Kasoro nyingine za somo lile, kama vile ubao uliojaa na hitimisho lililokatizwa na kengele, ziandikwe kwenye fomu, zisizungumzwe siku hiyo.

Vipi kuhusu alama? Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliopewa maelezo pekee, alama pekee, na vyote viwili. Waliopewa maelezo pekee ndio walioendelea vyema; alama zilipoambatanishwa, faida ya maelezo ilipotea. Watafitiwa wake walikuwa wanafunzi wa shule, si walimu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kumwona mwanagenzi akipokea fomu atakiri kwamba macho hukimbilia jumla iliyo chini ya ukurasa. Chuo hakiwezi kuziondoa alama, ila mtathmini anaweza kuzungumza kwanza na kukabidhi fomu baadaye.

Kuna kizuizi kingine ambacho si kosa la mtathmini. Fomu nyingi huandika tu "Uulizaji maswali" na nafasi ya alama tano, bila kueleza tatu inatofautianaje na nne. Hiyo ni orodha ya alama, haijafikia kuwa rubriki. Ni ajabu kidogo kwamba mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unamtaka mwalimu wa shule ya msingi aeleze kila kiwango kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali nayo, ilhali anayemfunza mwalimu huyo anapima kwa nambari tupu. Idara za elimu na za Kiswahili zingeweza kukaa pamoja na kuandika maelezo hayo kwa vigezo vitano au sita tu. Kwa uulizaji maswali, kiwango cha chini kingesema kwamba majibu karibu yote ni ya pamoja, na cha juu kwamba wanafunzi wa pande zote za darasa hujibu mmoja mmoja na makosa yao hutumika kuendeleza somo.

Ziara ya pili ndiyo itakayoonyesha kama maoni yalifaa. Mtathmini aje na daftari lile lile, ahesabu upya maswali, kisha apite tena nyuma ya darasa.