SHERIA NA JAMII: Hati halisi, jina la marehemu

Hebu tuchukue mfano wa mwalimu wa Nairobi aliyepata shamba la ekari mbili huko Suna, nje ya mji wa Migori, kwa Sh1.2 milioni. Muuzaji, mkazi wa Homa Bay, alimwonyesha hati ya kumiliki ardhi, karatasi halisi yenye muhuri. Mkataba ukatiwa sahihi, naye mwalimu akalipa asilimia 10, yaani Sh120,000. Salio lingelipwa baada ya siku 90.

Wakili wa mwalimu alipofanya sachi katika ofisi ya ardhi ya Migori, alikuta shamba limeandikishwa kwa jina la babake muuzaji, ambaye alifariki zamani. Jina la mwisho lilikuwa lile lile, ndiyo sababu mwalimu hakushtuka alipoiona hati.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi," muuzaji alimwambia kwa simu. "Mzee alinigawia mimi shamba hili akiwa hai. Kijiji kizima kinajua."

Huenda ni kweli. Lakini Sheria ya Urithi, ambayo ilianza kutumika Kenya mwaka 1981, hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mali yake. Hata msimamizi aliyeteuliwa na korti hana ruhusa hiyo kabla ya uthibitisho. Mtoto ambaye hajateuliwa, na akauza, anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai.

Basi wakili akamwandikia wakili wa muuzaji. Kwa Kiswahili chepesi, barua ilisema hivi:

"Sachi inaonyesha kwamba mteja wako si mwenye shamba aliyeandikishwa. Tunamtaka afungue kesi ya urithi na atuletee nakala ya ombi hilo katika siku 21. Warithi wote watajwe, wakiwemo mabinti walioolewa. Baada ya uthibitisho, shamba liandikishwe kwa jina la msimamizi, kisha tutie sahihi mkataba mpya. Wakati huo wote, Sh120,000 zibaki mikononi mwako, zisimfikie mteja wako. Asipotekeleza, tutadai fedha hizo zirudishwe zote."

Tazama kwamba barua haikudai hati irekebishwe katika siku 21. Jambo hilo haliwezekani. Kwanza kuna cheti cha kifo, na barua ya chifu wa mahali marehemu alipoishi, yenye orodha ya warithi. Ombi likishafika mahakamani hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida husubiriwa miezi sita ndipo uthibitisho utolewe, ingawa korti yaweza kuufupisha muda huo. Mambo yakienda vizuri, ni miezi minane au zaidi. Kinachoweza kudaiwa katika siku 21 ni dalili kwamba safari imeanza.

Na kwa nini mkataba mpya? Ule wa kwanza ulitiwa sahihi na mtu asiye na uwezo wa kuuza, na kurekebisha hati baadaye hakuuponyi. Kuna kikwazo kingine pia. Shamba hili ni la kilimo, kwa hivyo ni lazima idhini ya bodi ya ardhi iombwe katika miezi sita tangu mkataba ufanywe. Urithi ungali kortini, miezi hiyo imekwisha, na bila idhini mauzo ni batili. Sheria humruhusu mnunuzi kudai fedha zake kama deni, lakini kumdai aliyekwisha kuzitumia kwa ada ya shule na mazishi ni kazi nyingine. Hiyo ndiyo maana ya kuziacha kwa wakili.

Kuhusu mabinti, huko kwetu wengi hudhani dada aliyeolewa hana lake tena. Sheria ya Urithi haiwabagui, na Katiba ya 2010 imelitia nguvu jambo hilo. Dada aliyeachwa nje aweza kuiomba korti ifute usimamizi wote, hata mnunuzi akiwa amekwisha kujenga. Wakili wa mwalimu aliomba kila dada atie sahihi yake mwenyewe, na kama hataki fungu aseme hivyo mbele ya korti. Neno la kaka kwamba "wamekubali" halitoshi.

Jambo dogo la mwisho lawapita hata baadhi ya mawakili. Juu ya barua hakukuandikwa yale maneno ya "bila kuathiri haki". Hayo ni ya barua za kutafuta suluhu, ambazo kwa kawaida hazionyeshwi hakimu. Hii ni barua ya madai, na mwalimu akilazimika kwenda kortini kudai Sh120,000 zake, ndiyo karatasi ya kwanza atakayoitoa.