Pembezoni Kwanza: Kuhesabu Mwendo wa Ziwa Kivu

Upepo ukivuma muda mrefu kutoka kusini, maji ya Ziwa Kivu hurundikana upande wa Goma. Ukitulia, hurudi kuelekea Bukavu, kisha hurudi tena. Tukilichukua ziwa kama mfereji ulionyooka wa kilomita 90, wenye kina cha meta 240, yumbo moja zima huchukua kama dakika 62. Hesabu hiyo haikijui kisiwa cha Idjwi wala ghuba za magharibi. Anayetaka kuviingiza hulikata ziwa vipande, huandika matriksi inayoeleza jinsi kila kipande kinavyosukumana na jirani zake, kisha hutafuta thamani maalumu za matriksi hiyo, yaani namba ambazo matriksi huzidisha nazo vekta fulani bila kuipindisha. Thamani ndogo ni yumbo la polepole, thamani kubwa ni la haraka.

Toleo hili linahusu njia aliyoitoa Cornelius Lanczos mwaka 1950 kwa matriksi linganifu kama hii. Anza na vekta yoyote, izidishe kwa matriksi, ondoa katika jibu sehemu iliyoelekea vekta zilizotangulia, kisha rekebisha urefu uwe 1. Rudia. Unapata vekta zinazokutana kwa pembe mraba, pamoja na matriksi ndogo yenye namba kwenye ulalo wake na kando yake tu. Thamani za hiyo ndogo hukaribia zile za matriksi kubwa, na za pembezoni hutangulia.

Kwa nini za pembezoni? Baada ya hatua 10 unaweza kuunda vekta yoyote inayotokana na polinomia ya digrii 10 ya matriksi, na njia hii yenyewe huchagua iliyo bora. Ili kuitenga thamani moja, polinomia lazima iwe kubwa pale ilipo na ndogo kwenye nyingine zote. Tuseme nyingine zote ziko kati ya −1 na 1, nayo imesimama peke yake kwenye 1.2. Polinomia ya Chebyshev haizidi 1 ndani ya mpaka huo, lakini nje yake hupaa: kwenye 1.2 imefika 252. Kuzidisha mara 10 bila kuzikumbuka vekta za nyuma kungetupa 1.2 kwa kipeo cha 10, yaani 6.2 tu.

Sasa iweke thamani hiyo katikati, kwenye 0, na majirani wasiosogea karibu zaidi ya 0.2 kila upande. Nafasi ni ileile, hatua ni zilezile 10, lakini polinomia bora haivuki 3.9. Inabidi ishuke pande zote mbili kwa wakati mmoja, na digrii zake huishia kwenye kazi hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wetu wasimame. Yumbo la polepole la Kivu liko pembezoni, kwa hiyo mtu atadhani litapatikana upesi. Sivyo. Kata mfereji wetu vipande 90 vya kilomita moja, kisha toa wastani wa kimo ili thamani sifuri isiwemo. Thamani ya kwanza ni 0.0012, ya pili 0.0049, ya mwisho karibu 4. Nafasi kati ya mbili za kwanza haifiki hata elfu moja ya upana wote, na polinomia ya digrii 10 huikuza ya kwanza kwa 1.2 tu. Kinachoamua ni nafasi ikilinganishwa na upana, na vipande vikizidi kuwa vidogo hali huzidi kuwa mbaya.

Dawa ni kuigeuza matriksi: badala ya kuzidisha, kila hatua tatua mfumo wa milinganyo. Thamani huwa 821, 205 na kuendelea chini, na hatua 10 hukuza ya kwanza zaidi ya mara bilioni 100. Gharama ni kuichambua matriksi mara moja mwanzoni. Kwa mfereji ni kazi ndogo; kwa ramani nzima ya ziwa, hapo ndipo kumbukumbu ya kompyuta hujaa.

Kuna hitilafu moja ambayo waandishi wetu wote wamekutana nayo. Kompyuta hukadiria desimali, na Christopher Paige alionyesha mwaka 1971 kwamba pembe mraba hupotea hasa pale thamani moja inapokuwa imeshapatikana: vekta mpya huanza kuielekea tena, na thamani ileile hujitokeza mara ya pili kama pacha. Mtu akidhani ni yumbo jingine, atalipatia ziwa mwendo lisilokuwa nao. Zidisha vekta mpya kwa nukta na ya kwanza; ukipata 0.001 badala ya namba iliyo karibu na sifuri kabisa, isafishe upya dhidi ya zote zilizotangulia.

Na ili msomaji aone ni thamani zipi zimeshapatikana kweli, kila jedwali la toleo hili lina safu ya ziada kando ya kila thamani: urefu wa Av − λv, uliopimwa kwa matriksi ya awali, si ile iliyogeuzwa.